Kwa nini "aren't I", na lini ujibu "yes" au "no"

*Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tatu hapa Tabora. Kwenye zoezi niliandika "I am late, amn't I?" nikawekewa kosa. Mwenzangu aliandika "isn't it?" naye akakosa. Jibu lililoandikwa ubaoni ni "aren't I?" Mbona I haiendi na are? Na let's mkia wake unatoka wapi? Halafu mtu akiniuliza "You didn't go to Ujiji, did you?" na kweli sikwenda, nijibu yes au no?*

Marahaba. Tuanze na mwenzako, maana kosa lake ndilo la wengi. Sisi tuna mkia mmoja unaokaa popote: "Umechelewa, siyo?", "Mama amefika, siyo?", "Hawatakuja, siyo?" Kiingereza cha darasani hakina mkia wa hivyo. Kila sentensi hutoa mkia wake yenyewe. Unachukua kitenzi kisaidizi kilichomo, unakigeuza, kisha unakifuatisha na kiwakilishi cha mtenda. Kwenye *The Liemba was built in Germany*, kisaidizi ni *was*. Kwa kuwa sentensi inakubali, mkia utakanusha: *wasn't*. Liemba ni meli, basi *it*. Unapata *The Liemba was built in Germany, wasn't it?*

Pasipo na kisaidizi, unaleta *do* na kuipa wakati wa kitenzi kilichopo. *The Mwanza line branches off at Tabora* haina kisaidizi, na *branches* ni wakati uliopo wa nafsi ya tatu umoja, kwa hiyo mkia ni *doesn't it?*

Sasa rudi kwenye sentensi yako. Kwa kanuni hiyo hiyo, *am* ikikanushwa ingekuwa *amn't*, na wewe ulifuata kanuni vizuri tu. Tatizo ni kwamba Kiingereza sanifu hakitumii umbo hilo. Wapo wanaolisema hadi leo, hasa Uskoti na Ayalandi, lakini kwenye mtihani wako litahesabiwa kosa. Sauti za *m* na *n* zikifuatana hivyo ni nzito kutamka, na zamani watu waliidondosha *m* wakabaki na *an't*. Kusini mwa Uingereza *a* hiyo ilivutwa ikawa ndefu, na kwa kuwa huko herufi *r* haitamkwi mbele ya konsonanti, *an't* ikasikika sawasawa na *aren't*. Wakaiandika hivyo. Kwa hiyo hiyo *aren't* unayoiona baada ya *I* ni *am not* iliyovaa tahajia ya kuazima. Usiitendee kama *are*.

Ukilishika hilo, makosa matatu yanaondoka yenyewe. La kwanza, *aren't I* hukaa kwenye swali tu. Sentensi ya kawaida ni *I'm not late*, wala si *I aren't late*. La pili, haifunguliwi. Ukitaka umbo refu andika *am I not?*, ambalo ni sahihi ila lina sauti ya hotuba. *Are not I?* halipo kabisa. La tatu ndilo linalowanasa hata wanafunzi wazuri: sentensi ikianza kwa kukanusha, mkia unakubali, na hapo *am* inarudi mahali pake bila taabu yoyote. *I'm not late, am I?* Anayeandika *are I?* amekariri jibu la ubaoni bila kujua limetoka wapi.

Kujibu swali hilo kunahitaji kugeuza nafsi. Ukiniuliza *I'm late, aren't I?* nitajibu *Yes, you are* au *No, you're not*. Nikikuuliza *You're late, aren't you?* utajibu *Yes, I am*. Usiandike *Yes, I'm*. Kwenye jibu fupi la kukubali, kitenzi ndicho neno la mwisho na ndicho kinachobeba mkazo, na neno lenye mkazo halifupishwi. La kukanusha linaruhusu ufupisho kwa sababu mkazo umehamia kwenye *not*: *No, I'm not*.

Kuhusu Ujiji: jibu ni *No, I didn't*. Hapa Kiswahili na Kiingereza vinaachana kabisa. Sisi tunayajibu maneno ya muulizaji. "Hukwenda Ujiji, siyo?" unasema "Ndiyo, sikwenda", yaani umesema kweli. Kiingereza kinajibu tukio. Lilitokea? *Yes*. Halikutokea? *No*. Swali likiulizwa kwa kukubali au kwa kukanusha, jibu lako halibadiliki. *You went to Ujiji, didn't you?* na *You didn't go to Ujiji, did you?* yote mawili, kwa mtu ambaye hakwenda, yanajibiwa *No, I didn't*. Aliyekwenda atayajibu yote *Yes, I did*, hata pale ambapo Kiswahili kingeanza na "Hapana, nilikwenda".

Njia ya kujikagua ni kutazama kitenzi kilichofuata: *yes* haikai na *not*, na *no* haikai bila *not*. Ukiona umeandika *Yes, I didn't*, umefikiri kwa Kiswahili. Si jambo la mtihani tu. Chukua mgeni aliyelala gesti Kigoma, hajalipa, mhudumu akamwuliza *You haven't paid, have you?* Akijibu *Yes* peke yake akimaanisha "ndiyo, sijalipa", mhudumu anayejua Kiingereza atasikia kuwa amelipa, au atabaki hajui ashike lipi. Aseme *No, I haven't*, na hapo pesa itaulizwa kwa amani.

Sasa *let's*. Hilo ni *let us* lililofupishwa, na kazi yake ni kupendekeza jambo ambalo msemaji na msikilizaji watalifanya pamoja. Kwa vile hakuna kisaidizi cha kugeuza, mkia hufuata kazi ya sentensi, na Kiingereza hupendekeza kwa *shall we*. Ndiyo maana *Let's take the train, shall we?* Hata ukikanusha pendekezo, mkia haubadiliki: *Let's not quarrel, shall we?* Anayekubali hujibu *Yes, let's*, na anayekataa *No, let's not*. Utaona *let's* inaruhusiwa kumaliza jibu ikiwa imefupishwa. Haivunji ile kanuni ya *I'm*, kwa sababu kilichofupishwa ni *us*, na mkazo uko kwenye *let*.

Angalia tu isije ikawa *let us* ya kuomba ruhusa. Wanafunzi wanaomwambia mlinzi *Let us in* hawamwaliki waingie pamoja naye, wanamwomba awafungulie. Hilo ni ombi kwa mtu wa pili kama maombi mengine, na mkia wake ni *will you?*: *Let us in, will you?* Hapo huwezi kufupisha kuwa *let's*. Swali la mtihani likikupa *Let us* bila ufupisho, jiulize kwanza nani atatenda. Kama ni wote, andika *shall we?* Kama ni yule anayeambiwa, andika *will you?*