Laki tisa, siku tano Unguja, na mume anayetaka kukaa tu

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mwalimu wa msingi Dodoma. Juni hii mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na tumejichanga 900,000 twende Unguja siku tano, nauli ya treni hadi Dar ikiwa pembeni. Watoto watabaki kwa bibi yao. Mimi nimeandika orodha: pomboo wa Kizimkazi, kobe wa Changuu, shamba la viungo, msitu wa Jozani, kisiwa cha Mnemba, chakula cha jioni juu ya maji. Mwenzangu anaendesha lori, anasema yeye anataka chumba kinachoangalia bahari akae tu. Tumeanza kununiana kabla ya safari. Majirani nao wananiuliza nitaona nini. Nimwage hela wapi, nibane wapi? Mama Wawili, Dodoma.*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa miaka kumi.

Toa majirani kwenye hiyo orodha kwanza. Ukishawatoa, kila kilichobaki kiulize swali moja: nikichukua cha bei ndogo, napata kitu kilekile kwa udogo, au napata kitu kingine kabisa? Daladala ya kwenda Jambiani inakufikisha ufuo uleule anaoufikia aliyekodi gari. Umebanana njiani, basi. Kitanda cha nyumba ya wageni huko Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ukishafumba macho ni kitanda. Lakini siku ya baharini haina udogo. Ukiikata bei, inageuka kitu kingine, na hapo ndipo watu wengi wa bara wanapoliwa.

Ukishuka tu bandarini Malindi, papasi, yaani kijana anayewinda wageni, atakuja na bei tamu ya Mnemba. Utapanda chombo chenye watu ishirini, mtafika pale wakati mmoja na vyombo vingine vingi, utapewa miwani ya kuzamia inayovuja, na utawaona samaki katikati ya miguu ya watu. Pomboo wa Kizimkazi ndiyo usiseme. Mimi niliwahi kwenda. Mashua zilikuwa kama kumi, zinawafukuza wale wanyama huku na huku, kila wakiibuka injini zinanguruma. Nilirudi na huzuni, na hela ilikuwa imekwenda. Futa zote mbili.

Badala yake, fedha nyingi ya kwanza iweke kwenye mashua yenu wawili, siku moja, Ghuba ya Menai, mkitokea Fumba, kusini kidogo ya mji. Pale kuna visiwa vidogo, kuna matumbawe ya kuogelea juu yake, na kuna fungu la mchanga mweupe linaloibuka katikati ya bahari maji yakipwa, kisha linazama tena. Juni ni mwezi wa kusi, na upande wa mashariki upepo unaweza kuchafua bahari. Menai iko kusini magharibi, ardhi ya Kizimkazi inaikinga kiasi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili halilipiwi hata senti na ndilo litakaloamua kama safari yenu itakuwa nzuri: chagua tarehe kwa mwezi wa angani. Likizo ya Juni inakupa nafasi ya kusogeza. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, bahari inakuwa ya bamvua: inajaa sana na kupwa sana. Katika siku za bamvua Unguja, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni, na kila siku inayofuata saa hizo zinasogea mbele kama dakika hamsini. Kwa hiyo siku ya mashua ipange siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Mtaondoka Fumba asubuhi, na fungu la mchanga litakuwa wazi kuanzia kama saa nne na nusu hadi mchana, mkae mle chakula juu yake. Ukienda wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, maji hayapwi vya kutosha. Nahodha atakuonyesha kwa kidole mahali fungu lilipo chini ya maji, na bei atakuchaji ileile.

Ongea na nahodha mwenyewe, si mtu wa katikati, na umalize mambo manne kabla hujatoa pesa: watakuwemo wengine ndani ya chombo au ni nyie tu, jaketi za kujiokolea zipo mbili zenye kamba nzima, uzione kwa macho, ada ya hifadhi ya Menai imo kwenye bei au ni juu yenu, na chakula ni nini. Akitaka umlipe yote kabla ya siku, mwache. Mpe kiasi cha mafuta, baki mkirudi. Tenga 220,000. Bei ikizidi hapo, tafuteni wenza wawili mchange; watu wanne kwenye mashua bado ni siku yenu. Kumi na wawili si yenu tena.

Fedha nyingi ya pili ni ya mumeo.

Najua ulitaka niseme Mnemba, au ile meza ya juu ya maji. Lakini mtu anayeishi kwenye usukani anapokwambia anataka kukaa tu, amekuambia jambo kubwa, na wewe umelisikia kama uvivu. Kwa lile swali letu, chumba chake kinapita. Nyumba ya wageni ya bei rahisi Jambiani iko ndani kijijini. Bahari utaiendea kwa miguu, dakika tano tu, ni kweli. Ila anachokitaka yeye si kuogelea. Anataka baraza, kiti, na maji mbele yake pasipo mtu wa kumwambia apakie nini. Hicho ukikipunguza kinakuwa kitu kingine. Kwa hiyo siku mbili za mwisho lala Jambiani, chumba cha mbele, 110,000 kwa usiku. Juni wageni wa Julai na Agosti hawajafika, hivyo piga simu uombe bei ya siku mbili, na omba picha iliyopigwa kutoka barazani, siyo ya kitanda.

Na tazama tarehe ile ya mwezi inavyowafanyia kazi mara ya pili. Mkifika Jambiani siku tatu au nne baada ya mwezi mpevu, maji yatakuwa yamejaa alfajiri na magharibi, na yamepwa katikati ya mchana. Mumeo akiamka saa kumi na mbili na nusu atayakuta karibu na ngazi. Mchana bahari itakuwa imekwenda mbali mpaka unakotazama ni mchanga na madimbwi. Wageni wengi wanaona hivyo wanakasirika, wanadhani wameuziwa ufuo mbovu. Kumbe hapo ndipo utakapowaona akina mama wa Jambiani wakishughulika na mwani kwenye vigingi na kamba zao, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989. Vaa viatu vya kuingilia majini, kuna viumbe wa baharini wenye miba, jifunge kanga, salimu kwanza, uliza ndipo upige picha. Mwache mwenzako barazani. Nenda peke yako, utarudi na la kumsimulia.

Yaliyobaki yawe mepesi. Siku mbili za mwanzo laleni Ng'ambo, chumba cha 40,000, safi, chenye feni. Asubuhi kuleni mbaazi za nazi na boflo mtaani. Mchana tafuteni urojo. Jioni nendeni Forodhani, lakini mishikaki ya pweza na kamba pale uulize bei kabla hakijawekwa kwenye sahani, maana ukishakula huna la kusema. Hiyo ndiyo meza yenu ya juu ya maji: ukuta wa bahari, juisi ya miwa, vijana wanaruka kuogelea. Shamba la viungo wewe huna haja nalo. Mdalasini na pilipili manga umekua navyo jikoni. Karafuu nunua soko la Darajani umpelekee bibi wa watoto. Mji Mkongwe tembeeni wenyewe, mpotee vichochoroni. Ila mfike Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na pale mlipie kiingilio mwingie.

Jozani usiifute. Daladala namba 309 ya Jambiani inapita mlangoni mwake, kwa hiyo mnashuka, mnaomba kuacha mabegi ofisini, mnalipa kiingilio cha raia, mnawaona kima punju, ambao kwao hasa ni Unguja, na mnapita kwenye daraja la mbao ndani ya mikoko. Saa mbili zinatosha. Mpandie nyingine kabla ya alasiri, maana jioni magari yanapungua. Kobe wa Changuu kama moyo unadai, chukueni chombo cha pamoja siku ya kufika; pale safari ni fupi na wingi wa watu hauharibu kitu, kobe hana haraka na mtu.

Hesabu yake ni hii. Boti ya Dar kwenda na kurudi kwa wawili, tenga 150,000, na mbebe vitambulisho vya taifa. Ng'ambo 80,000. Jambiani 220,000. Mashua 220,000. Chakula 130,000. Daladala na viingilio 50,000, na hapo Changuu ndiyo inayobana, hivyo mkienda huko punguza Forodhani usiku mmoja. Inabaki 50,000, ikae kwenye pochi yako wewe mpaka mrudi Dar, kwa sababu kusi likivuma vibaya boti inaweza kuahirishwa mkalala usiku wa ziada.

Siku ya mashua muulize mumeo kama anaogelea. Madereva wengi hawaogelei na hawasemi. Kama hajui, mwambie nahodha faraghani awashushe kwenye maji ya kina cha kiuno pembeni mwa fungu, avae miwani na jaketi, ainamishe uso tu. Samaki wapo hapohapo.