Anasifu au anaponda? Kutafsiri maoni ya wanunuzi Warusi

*Nimepata kazi ya kutafsiri maoni ya wanunuzi kutoka maduka ya mtandaoni ya Urusi kuja Kiswahili. Kirusi cha vitabuni nakiweza, lakini humu kuna vifupisho ambavyo kamusi haina, mabano yanayofungwa bila kufunguliwa, emoji, na watu wanaosifu kumbe wanaponda. Nifanyeje ili kejeli isije ikageuka sifa kwenye tafsiri yangu?*

Ndugu yangu, njia rahisi ni tuchukue maoni mamoja tuyafumue. Haya nimeyatunga mwenyewe, ila kila kilichomo utakikuta kwenye kazi yako. Bidhaa ni viatu vya kiume, mnunuzi ametoa nyota 2 kati ya 5:

> Ну что сказать, «натуральная кожа»)) Спс продавцу, порадовали. Заказывала мужу на ДР, забрала на ПВЗ, пришли за 2 дня, тут без вопросов. Маломерят, брала 43, по факту 42. Через неделю отклеилась подошва. Качество огонь 🔥🙂 Возврат не одобрили, мол, «следы носки». Блин, а я думала, обувь носят) З.Ы. Коробка норм.

Vifupisho ndiyo kazi nyepesi, tuvimalize kwanza. Спс ni спасибо, «asante», iliyobakizwa konsonanti zake tatu za kwanza. ДР ni день рождения, siku ya kuzaliwa. ПВЗ ni пункт выдачи заказов, kituo ambako mteja anakwenda kuchukua mzigo wake. Wanunuzi wengi wa maduka ya mtandaoni ya Wildberries na Ozon hupokelea mizigo huko, ndiyo maana herufi hizo tatu utaziona mpaka uzichoke. З.Ы. inawasumbua wengi kwa sababu haisimamii maneno yoyote ya Kirusi: ni vitufe vya P na S vilivyobonyezwa huku kibodi ikiwa ya Kirusi, yaani ile P.S. ya mwisho wa barua. Kwenye nguo utakutana pia na ОГ, ОТ na ОБ, ambavyo ni mzunguko wa kifua, kiuno na nyonga, na kwenye vifaa vya umeme kuna мб, ambayo safari moja ni может быть, «labda», safari nyingine ni megabaiti. Ikitanguliwa na tarakimu, ni megabaiti.

Vifungue vyote viwe maneno kamili. Najua Kiswahili cha simu nacho kina mikato yake, na kuna watafsiri wanaoona raha kulipa kifupisho kwa kifupisho. Mimi sishauri. Mrusi anapoandika спс hajionyeshi kuwa kijana wala mhuni, amefanya haraka tu, na msomaji wako hapaswi kukwama mahali ambapo msomaji wa kwanza hakukwama. Kinachostahili kubebwa ni ule wepesi wa sauti, na huo unabebwa na sentensi fupi na maneno ya kawaida.

Sasa mabano. Kwenye kibodi ya Kirusi ya kompyuta nukta mbili za macho ya tabasamu ziko kwenye kitufe cha 6 na bano la kufunga liko kwenye cha 0, vyote kwa Shift. Watu wakayaacha macho, mdomo ukabaki. Kwa hiyo bano moja mwishoni mwa sentensi ni tabasamu dogo, mara nyingi la adabu tu, la kuonyesha kwamba mwandishi hajakunja uso. Mawili au matatu ni kicheko. Yakigeuka kuwa (( ni masikitiko. Linganisha «Размер не подошёл)» na «Размер не подошёл(». La kwanza ni «Namba haikunifaa tu», la pili ni «Namba haikunifaa jamani, nimesikitika». Ukiweka «hahaha» kwa bano moja umezidisha mno. Mara nyingi bano moja linatosha kulipwa kwa «tu», «basi» au «hata hivyo», na mara nyingine halihitaji chochote.

Angalizo dogo: mtu akifungua bano la kweli halafu akacheka ndani yake, utaona (moja upande wa kushoto na mawili upande wa kulia)). La kwanza la kulia linafunga, la pili linatabasamu. Usimsahihishie.

Tabu inaanza pale ambapo tabasamu linakaa karibu na hasara. Rudi kwenye viatu. Toa sifa zote kwenye maoni yale, bakiza mambo yanayoweza kupimwa: vilifika kwa siku mbili, namba ni ndogo kuliko ilivyoandikwa, soli imebanduka baada ya wiki, dai la kurudisha limekataliwa. Jambo jema hapo ni moja tu, usafirishaji, na sifa yake haina bano wala emoji: тут без вопросов, «hapo sina neno». Hiyo ni sifa ya dhati. Zilizobaki zimekaa juu ya ubovu, na sifa iliyokaa juu ya ubovu ni kejeli mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo hiki cha kubakiza ukweli mtupu nakitegemea kuliko emoji, na kuliko nyota pia. Wapo wanaoweka nyota 5 ili tu lalamiko lao lisomwe, na wapo wanaotoa 1 kwa kosa la msafirishaji huku bidhaa wameipenda.

Dalili ya pili ni alama za kunukuu. «Натуральная кожа» ni maneno ya tangazo la muuzaji, na mnunuzi anamrudishia. Kiswahili kina silaha yake kwa kazi hii, neno «eti», tena ni kali kuliko alama za kunukuu zenyewe. «Следы носки» nayo ipewe «eti», maana мол inaonyesha kwamba haya ni maneno ya muuzaji na mwandishi hayaamini. Hapo pia kuna mtego wa kisarufi: носки kwa mkazo wa mwisho ni soksi, lakini hapa mkazo uko mwanzo, ni umbo la umilikishi la носка, uvaaji. Anayeandika «alama za soksi» atamfanya msomaji atafute soksi ambazo hazikuwahi kuwepo.

Блин kwa kamusi ni chapati ya maji. Kwa mnunuzi huyu ni neno lililokaa mahali pa tusi linaloanza kwa sauti zilezile, na ni laini kiasi kwamba hata bibi anaweza kulitamka. «Jamani» au «loo» linatosha. Usipandishe ukali, wala usiushushe: хз inaficha neno lisilo la heshima, kwa hiyo «sijui hata» ni sawa, lakini «sina hakika» imevalishwa suti.

Emoji zile mbili nazitenda tofauti. Moto haunisumbui, kwa sababu огонь kwa Warusi ni sifa ya kitu kikali, na sisi tuna «moto wa kuotea mbali» inayofanya kazi hiyohiyo. Uso wa 🙂 ndio hatari. Katika maoni kama haya ni tabasamu la meno yaliyoumana, lakini msomaji wako anaweza kuliona kama salamu. Mteja akitaka emoji zote zibaki, ziache mahali pake na uhakikishe maneno yenyewe yanauma. Akikuachia uamuzi, iondoe hiyo moja na ulipe kwa neno. Kitu nisichokifanya ni kuongeza emoji ambayo mwandishi hakuweka, hata kama ingesaidia.

Tafsiri yangu basi:

> Niseme nini sasa, eti «ngozi halisi», hahaha. Asante muuzaji, mmetufurahisha kweli. Nilimwagizia mume wangu kwa siku yake ya kuzaliwa, nikavichukua kituoni. Vilifika kwa siku mbili, hapo sina neno. Ni vidogo kuliko namba yake: nilichukua 43, ukivivaa ni 42. Baada ya wiki soli ikabanduka. Ubora ni moto wa kuotea mbali kwelikweli 🔥. Kuvirudisha wamekataa, eti vina «dalili za kuvaliwa». Jamani, na mimi nilidhani viatu huwa vinavaliwa! Nyongeza: Boksi halina shida.

Ona kwamba Заказывала ilishatuambia mwandishi ni mwanamke. Kitenzi cha Kiswahili hakisemi hilo, lakini «mume wangu» imeliokoa. Pasipo neno la namna hiyo liache lipotee, isipokuwa kwenye nguo na vipodozi ambako jinsia ya anayetumia inabadilisha maana ya maoni. Bei zikitajwa ziache kwa rubli, maana mnunuzi alilalamikia rubli zake.

Kuna kosa la upande wa pili, la kuona kejeli kila mahali. «Капец какие мягкие» na «ужасно удобные» zinabeba maneno ya maafa ila ni sifa tupu. Kwetu ni «laini balaa» na «vina raha ya ajabu». Ничего katika «ничего так» haimaanishi kwamba hakuna kitu, inamaanisha «si haba», na неплохо ni hivyohivyo. Kwa upande mwingine «не фонтан» haihusu maji, ni kusema kitu ni cha kawaida mno. Halafu kuna vipande vilivyoganda ambavyo karibu kila mara ni kejeli: «ну да, конечно» ukiitafsiri «ndiyo, bila shaka» umemgeuza mwandishi, sema «haya bwana», «ага, щас» ni «thubutu!».

Ukimaliza fungu la maoni, mpe mtu asiyejua Kirusi tafsiri bila nyota, akisie kila mnunuzi ametoa ngapi. Akikosea kwa nyota moja, sawa. Akisema nne palipo na mbili, kejeli imekuponyoka katika sentensi moja au mbili, na mara nyingi ni ile uliyoitafsiri kwa uaminifu kuliko zote.

Imebaki «Коробка норм». Anasifu boksi kwa sababu kweli halikupondeka njiani, au anasema kwamba kati ya vyote alivyolipia boksi ndilo pekee lenye thamani? Mimi naona ni yote mawili, na ndiyo sababu nimeandika «halina shida» bila kuongeza «angalau» wala «tu». Ungeongeza lolote kati ya hayo ungekuwa umemwamulia. Kama kazi yako inadai kila sentensi ipewe alama ya chanya au hasi, hiyo weka isiyoegemea upande, na umwandikie mteja mstari mmoja kueleza kwa nini.