Mshahara umechelewa, kodi imefika: barua niliyomwandikia mwenye nyumba

Mara ya kwanza mshahara kuchelewa niliomba muda kwa mdomo. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule Tabata, kodi 150,000 kwa mwezi, na kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, inalipwa miezi sita kwa mpigo. Nilimkuta kijana wa mwenye nyumba getini, nikamwambia, "Mdogo wangu, mwambie mama mshahara ukitoka tu nitalipa." Akajibu, "Haina shida, kaka." Wiki mbili baadaye nikarudi kutoka kazini na kumkuta dalali amesimama kibarazani na wateja wawili, anawaonyesha dirisha langu.

Yule kijana hakuwa mbaya. Alisahau tu kumwambia mama yake. Na hata angemwambia, ungekuwa ujumbe gani? "Mshahara ukitoka" si tarehe. Mama wa watu ana ada ya mtoto mwezi wa saba, naye anapanga kwa kutegemea ile 900,000 yangu. Niliokolewa na shemeji aliyenikopesha, nikaapa safari nyingine nitaandika.

Safari nyingine haikukawia. Mimi ni mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi, na kampuni kama yetu ikicheleweshewa malipo na mwenye mradi, sisi wa chini ndio tunaosikia njaa kwanza. Ilipofika tarehe 18 Juni, mshahara wa Mei ulikuwa haujaingia. Mkataba wangu wa nyumba ulikuwa unaisha tarehe 30. Mkononi nilikuwa na 150,000 ya kodi, basi.

Kabla ya kuandika nilifanya hesabu moja, na ndiyo iliyonipa ujasiri. Kodi ya miezi sita inalipwa kabla ya kukaa. Kwa hiyo nikitoa 150,000 tarehe 30 Juni, Julai yote nimeshailipia. Nikiomba kumalizia 750,000 ifikapo tarehe 10 Agosti, siku ambazo nitakuwa nimekaa bila kuzilipia ni kumi tu za Agosti, yaani kama 48,000 hivi. Mama hakuwa anabebeshwa hasara ya laki saba na nusu. Alichokuwa anaombwa ni kupokea kwa mafungu badala ya mpigo mmoja. Si kwamba halimgusi, ile ada inamsubiri, lakini ni ombi tofauti kabisa na la mtu anayedaiwa miezi mitatu aliyokwisha kuilala.

Tarehe yenyewe usiichukue jinsi ofisi inavyokupa. Mhasibu alituambia tarehe 25 Julai tutakuwa tumelipwa. Mimi nikaongeza wiki mbili na siku kidogo, nikaandika 10 Agosti. Ukiomba siku tano halafu ukarudi kuomba tano nyingine, utaonekana mjanja, hata kama kosa ni la mwajiri.

Nilipitia kwanza mkataba wangu kuona unasemaje juu ya kuchelewa. Wangu ulisema mpangaji asiyelipa atatoa chumba baada ya notisi ya mwezi mmoja. Kama wako una faini ya kuchelewa, itaje ndani ya barua na uombe isihesabiwe katika siku hizo. Ukinyamaza, inaweza kukurudia mwishoni. Nikaandika hivi, kwa kalamu, ukurasa mmoja:

"Mama, shikamoo. Mimi mpangaji wako wa chumba na sebule upande wa kushoto naomba kusogezewa tarehe ya kodi ya Julai hadi Desemba, jumla shilingi 900,000. Mshahara wangu wa Mei haujalipwa na mwajiri; barua yake nimeiambatanisha. Tarehe 30 Juni nitalipa shilingi 150,000, ambayo ni kodi ya Julai. Shilingi 750,000 zilizobaki, za Agosti hadi Desemba, nitalipa kabla au ifikapo tarehe 10 Agosti. Naomba hadi tarehe hiyo nisipewe notisi wala chumba kisipangishwe kwa mwingine kwa sababu ya salio hili. Masharti mengine ya mkataba yanabaki kama yalivyo. Ukikubali, naomba utie sahihi hapa chini."

Angalia sentensi inayosema 150,000 ni kodi ya Julai. Bila hiyo, ukilipa pungufu, mwenye nyumba anaweza kuihesabu kama sehemu ya deni au amana ya kitu kingine, na ubishi ukitokea hakuna anayejua umelipia hadi lini. Risiti nayo iseme hivyohivyo. Ukilipa kwa simu, tuma kwa namba ya aliyetia sahihi, si ya kijana wake, na meseji ya muamala usiifute.

Ile barua ya mwajiri ilinitoa jasho. Niliwaomba waandike tarehe ya kulipa, wakakataa katakata, na nikiwaza sasa nawaelewa. Walichokubali ni mistari miwili yenye muhuri: huyu ni mfanyakazi wetu, na mshahara wake wa Mei haujalipwa hadi leo. Inatosha. Usimpe mwenye nyumba karatasi ya mshahara inayoonyesha unapata kiasi gani na namba ya akaunti yako. Hilo si lake. Barua hiyo ina kazi ya pili pia, maana ni mwajiri amekiri kwa maandishi kwamba hajakulipa. Ukifika mahali pa kumpeleka CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kwa madai ya mshahara, jua kwamba muda wa kufungua ni siku 60, na barua kama hiyo itakusaidia kuonyesha deni lilianza lini.

Nilipeleka nakala mbili jioni, nikamkuta amekaa na mkeka wake. Akasoma yote, akavua miwani. "Mwanangu, hii si kunipeleka serikali ya mtaa?" Nikamwambia hapana mama, ni ili mimi na wewe tusisahau. Akataka mjumbe awe shahidi, nami nikafurahi moyoni kwa sababu nilikuwa naona haya kulisema. Alibadilisha jambo moja: baada ya "kabla au ifikapo" akataka niongeze kwamba nikipata fedha kidogo mapema nizilete. Tukaandika pembeni, wote wawili tukatia sahihi juu ya nyongeza ile, kwenye nakala zote mbili.

Mshahara wa Mei uliingia tarehe 2 Agosti. Wa Juni, kimya. Nilipokea 520,000, nikampelekea 300,000 kesho yake, yaani Agosti na Septemba. Palepale, siku saba kabla ya tarehe 10, nikampa karatasi ya pili: salio la 450,000 nitamaliza tarehe 15 Septemba. Nilichagua kuiandika mapema makusudi. Ukiandika tarehe 11, tayari umevunja ahadi, na unachoomba si muda tena bali msamaha. Na hapo nilikuwa nimelipia hadi mwisho wa Septemba, kwa hiyo hakukuwa na siku hata moja nisiyoilipia. Alitia sahihi bila mjumbe safari hii, akanung'unika kidogo kuhusu bei ya sare za shule.

Nilimaliza tarehe 12 Septemba. Nikamwomba aandike kwenye nakala yake na yangu, "Nimepokea yote, sina dai hadi 31 Desemba." Mkataba mpya wa Januari, yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza tulipe miezi mitatu mitatu, na kikaongezwa kifungu cha siku 14 za kuchelewa iwapo mpangaji ataleta barua ya mwajiri kabla ya tarehe ya kulipa.