Nyanya haijasogea, ila roboti inaiona imehama

“Kamera ya kina nimeifunga kwenye kifundo cha roboti. Nikigeuza kifundo, nyanya ileile inapata nafasi nyingine. Nikosoe wapi?”

Ndugu, kwanza hakikisha unasoma mkao wa mkono sekunde ileile picha inapopigwa, mkono ukiwa umetulia. Kisha mnyororo wa kutoka kamera hadi kitako cha roboti uwe hivi, p_cam ikiwa [x, y, z, 1]:

```python
p_base = T_base_gripper @ T_gripper_cam @ p_cam
```

Hiyo ya katikati, inayosema kamera iko wapi kwenye kifundo, ndiyo naishuku. Geuza kifundo nyuzi 180 juu ya nyanya, upime tena. Katika karakana yetu hapa Kampala nafasi mbili zilitofautiana sentimita 3, maana yake kamera tuliiandika sentimita 1.5 kando ya ilipo, kwa kuwa kosa linageuka pamoja na kifundo. Kosa la pembe nalo hukua kwa umbali: nyuzi 1 tu, kitu kikiwa nusu mita, ni karibu milimita 9.

Chanzo kwetu kilikuwa picha za ubao wa miraba tulizopiga ili kukokotoa kamera iko wapi kwenye kifundo: zote tuliinamisha kifundo mbele na nyuma tu, yaani kwenye mhimili mmoja. Hapo hesabu haiwezi kujua kamera iko umbali gani kufuata mhimili huo. Rudia picha kama 20, uuinamishe mkono mbele, nyuma na pembeni, ubao ukiwa umebanwa mezani usitikisike hata kidogo.