Kabla hujaweka x mahali pa e^x − 1, angalia kama kuna kutoa

Mwaka wa kwanza chuoni nilikosa swali moja la vikomo, na mpaka leo ndilo ninalowapa vijana ninaowafundisha. Tafuta kikomo cha (e^x − 1 − ln(1+x))/x², x ikikaribia 0.

Nilikuwa nimekariri kwamba ln(1+x)/x hukaribia 1, na (e^x − 1)/x vilevile. Basi nikaweka x mahali pa e^x − 1 na mahali pa ln(1+x), nikapata x − x, nikaandika 0. Jibu ni 1.

Kosa hilo lisingetokea kama ningejua vikomo hivyo vinatoka wapi. Chukua ln(1+x)/x. Ile 1/x ipandishe iwe kipeo ndani ya logi, upate ln[(1+x)^(1/x)]. Namba iliyo kwenye mabano hukaribia e, maana ndivyo e inavyofafanuliwa. Grafu ya ln haikatiki hapo, kwa hiyo tunafika ln e, yaani 1. Cha pili kinazaliwa na cha kwanza: weka y = e^x − 1, hivyo x = ln(1+y). Sehemu yako sasa ni y/ln(1+y), kile cha kwanza kilichopinduliwa, nayo y inakwenda 0 pamoja na x. Usikithibitishe kwa kanuni ya L'Hôpital. Kanuni hiyo inakudai mteremko wa e^x, na mteremko huo tumeupata kwa kikomo hikihiki. Utakuwa unazunguka palepale.

Kwenye kuzidisha na kugawanya, vitumie bila wasiwasi. Mfano ni (e^(3x) − 1)/ln(1+5x). Iandike hivi:

[(e^(3x) − 1)/3x] · [5x/ln(1+5x)] · 3/5

Mabano yote mawili yanakwenda 1, linabaki 3/5. Hakikisha tu kwamba kilicho kwenye kipeo, au kilichoongezwa kwenye 1, ndicho hichohicho unachogawanyia.

Kwenye kutoa mambo hubadilika. Kikomo kinasema tu kwamba tofauti kati ya e^x − 1 na x ni ndogo ukiilinganisha na x. Hakisemi lolote kuhusu x², nasi hapa tunagawanya kwa x². Ongeza hatua moja: e^x − 1 ni karibu x + x²/2, na ln(1+x) ni karibu x − x²/2. Zile x zinafutana, nusu mbili za x² zinajumlishana, ukigawanya kwa x² unapata 1.

Shika kikokotoo uhakikishe. Kwa x = 0.1, e^x − 1 ni 0.105171 na ln(1+x) ni 0.095310. Tofauti ni 0.009861; gawanya kwa 0.01, upate 0.9861. Kwa 0.01 utapata kama 0.998. Usishuke hadi 10^(−20), kwani tofauti inayotafutwa inakuwa ndogo kuliko tarakimu ambazo kikokotoo kinaweza kushika, nacho kinaweza kukuonyesha 0, lile jibu langu la mwaka wa kwanza.