Mume yuko nje kikazi, nimeanza kumzoea mtu mwingine

Shikamoo shangazi. Mume wangu yuko nje kikazi, mkataba wa kwanza wa miaka 2 uliisha akaongeza mwingine. Hela anatuma, simu anapiga, sina cha kumlaumu. Ila kuna kaka tunafanya nae kazi tumezoeana sana, watoto wakilala tunachati mpaka usiku mkubwa. Hatujafanya chochote. Lakini juzi nimejikuta nafuta mesej zake kabla mume hajapiga. Je, nimeshamsaliti?

Marahaba mwanangu. Hujalala na mtu, kwa hiyo usijibebeshe kosa ambalo hujalifanya, ila hiyo ya kufuta mesej ndo imenishtua na naona hata wewe ndo iliyokufanya uandike. Mazungumzo ya kawaida hayafutwi. Ukishaanza kuficha maana yake moyo wako umeshajua mnaelekea wapi.

Sasa hebu angalia simu zenu na mumeo zinaendaje. Anatoka shifti kachoka, kwako watoto wanapiga kelele, mna dakika 10 tu, hela imefika? ada umelipa? mama anaendeleaje? haya usiku mwema. Nyumba inaenda vizuri kabisa, lakini yale madogomadogo ya siku nzima, bosi alivyokuudhi, mtoto alivyokuchekesha, nguo uliyovaa ikakupendeza, yote anaambiwa huyo kaka. Unahisi anakuelewa kuliko mumeo, kumbe ni kwa sababu yeye ndo anayeambiwa. Tena yeye hadaiwi ada wala kodi, anakuja na maneno matamu tu, ni rahisi sana kuwa mzuri ukiwa huna jukumu lolote.

Na mumeo nae usimwone baridi haraka. Walio nje kikazi wengi hawasemi yanayowakuta, kachangia chumba na watu kibao, bosi anamtukana, anaumwa na kazini anaenda hivyo hivyo, anameza yote asikutie wasiwasi, mwishowe kinabaki cha kuongea hela tu. Upweke ulio nao wewe na yeye anao, na huko nako wapo wa kumliwaza.

Kwa hiyo la kwanza, hizo chati za usiku zikome, na usizipunguze kidogokidogo maana haitawezekana. Mwandikie mchana, mistari 2, kwamba mambo ya kazi mtaongea kazini na usiku hutachati tena. Usimweleze sababu ndefu, ukianza kueleza ataanza kukubembeleza na mtakesha mnaongelea jinsi ya kuachana. Siku chache za mwanzo utamkumbuka vibaya hasa ile saa watoto wanapolala, hiyo saa usikae peke yako na simu kitandani, mpigie dada yako, shoga yako, mtu yeyote wa kuongea nae.

La pili, mambo ya hela yapangieni siku 1 ya wiki, siku ya ofu yake, mkae mmalize yote. Siku zingine hela isitajwe labda kuna dharura. Na kama saa zenu hazilingani msilazimishe vidiokoli mtu anasinzia, tumianeni voisi, wewe mwambie siku yako ilivyokwenda, aisikilize akitoka kazini, nae akujibu wewe ukiwa umelala. Na useme kwamba unamtamani mwanangu, useme waziwazi, ni mumeo. Wanawake wengi mnanyamaza hapo mkiona aibu halafu mwanaume anadhani umeshazoea kuishi bila yeye.

Kumwambia habari za huyo kaka? Mi nasema mwambie ukishakata, sio kabla, na sio usiku wa manane wala akiwa anaingia shifti. Yuko mbali, hana pa kwenda, akili yake itamalizia yale ambayo hukusema. Subiri siku ya ofu umwambie ukweli wenyewe: nilizidiwa na upweke, nikaanza kuchati sana na mtu wa kazini, hatukufika popote, nimeacha. Akiuliza ni nani usimdanganye. Ataumia, na atakuwa na haki ya kuumia, ila ni bora alisikie kwako kuliko kuletewa na mtu akiwa huko huko.

Kuna kitu umekipita haraka kwenye barua yako, huo mkataba wa pili. Mlikubaliana au ulipewa taarifa tu? Maana mtu anavumilia akijua mwisho uko wapi, usipokuwepo anaanza kuishi kama mjane mwenye mume. Muulize anarudi lini, anataka kufikisha nini ndo arudi, nyumba? mtaji? kiasi gani, kimebaki kiasi gani, na likizo anakuja mwezi upi. Akikupa tarehe muiandike wote. Akikwepa kwepa kila ukiuliza, niandikie tena, hapo tutakuwa na mazungumzo mengine kabisa.