Kukwama kwenye "shikamoo"

"Mdogo wangu ana miaka 17 na ana kigugumizi. Anakwama kwenye 'shikamoo', watu wanaitikia kabla hajamaliza, sasa anakwepa wakubwa kabisa. Tufanyeje?"

Habari ndugu. Mimi pia nina kigugumizi tangu utotoni, nipo Temeke. Neno lingine nikihisi litanikwamisha nalibadilisha, lakini mbele ya mzee "shikamoo" haina mbadala, ndiyo maana inatisha.

Kwanza angalia anafanya nini akikwama. Mimi nilikuwa nakaza ulimi na kusukuma, na kadiri nilivyosukuma ndivyo koo lilivyofunga. Sasa naachia pumzi kidogo, ulimi ukiwa legevu, naivuta "shhhi" taratibu kisha nateleza kwenda "kamoo". Bado kuna siku nakwama. Nikikwama sirudii mwanzo, naendelea pale pale.

Kilichonisaidia zaidi ni kusema mapema. Kuna mama muuza genge mtaani kwetu alikuwa ananijibu "marahaba" nikiwa bado kwenye "shi". Siku moja nikamwambia, "Mama, nina kigugumizi, naomba unisubiri nimalize." Tangu hapo anaacha kupanga nyanya, ananitazama kawaida, anaitikia nikishafika "moo". Mdogo wako akiona vigumu kusema hivyo, mkiwa naye msemee mara ya kwanza tu, tena kama ameridhia.

Nyumbani acheni "tulia, vuta pumzi". Mimi nikiambiwa hivyo nakaza zaidi, kwa sababu najua tayari wanahesabu kukwama kwangu.